Limiti ya kubeti baada ya kula pesa ya chama: uanze na ngapi, na lini

"Mshauri, mimi naendesha tuktuk hapa Kisumu, Kondele kuingia tao. Nimebeti kama miaka minne. Mwezi jana mama watoto alijua nimekula 18,000 ya chama, ilikuwa zamu yake ya kupokea na aliniachia nilipe fees. Bado niko na Fuliza na mkopo wa apu. Yeye anauza omena. Sitaki kuacha kabisa, nataka limiti ya burudani ambayo siwezi pita, lakini yeye saa hii hata simu yangu haamini. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, nitakujibu moja kwa moja: limiti inawezekana lakini sio ya leo. Mtu ambaye hajawahi kopa abeti na hajawahi gusa pesa ya mtu mwingine, huyo namwambia aweke limiti kesho asubuhi aendelee na maisha. Wewe umegusa pesa ya fees na umeingia Fuliza, kwa hivyo kwanza ni miezi mitatu ya sifuri, halafu limiti, na hiyo limiti mama watoto akiwa amekubali. Najua sio ulichotaka kusikia, ila nikikupatia namba leo utaishika wiki mbili, ya tatu Jumamosi iharibike, na hapo ndio atakuwa ameona hata ile ahadi ya pili ni ya bure.

Kabla ya hizo miezi mitatu kuanza kuna kazi moja ya mezani, nayo ni stetimenti. Ingia kwa apu ya M-Pesa ama upige *334#, uombe stetimenti ya miezi sita, itakuja kwa imeili ikiwa na namba ya siri ya kuifungua. Usiangalie salio, salio halisemi kitu. Tafuta zile mistari za Pay Bill zilizoenda kwa kampuni za kubeti, uzijumlishe peke yake, halafu utafute Business Payment zilizorudi kutoka kwa hizo kampuni, nazo uzijumlishe peke yake. Toa moja kwa ingine. Karibu kila mtu anayekaa kwa ofisi yangu kabla ya hii hesabu huwa ananiambia "nabeti kama mia mbili hivi kwa siku, na huwa narudisha," na karibu kila mtu anapata ni zaidi, kwa sababu kichwa kinashika ile siku ulishinda 4,000 na kinasahau zile siku ishirini za mia mbili mbili, tena kinasahau zile pesa ulishinda ukaziacha humo humo kwa woleti zikaishia kwa mkeka wa kesho. Kama uko na laini ya pili ama Airtel Money, hiyo pia. Usiniambie hiyo ni ya kazi tu.

Hiyo stetimenti pia itakuonyesha masaa. Watu wa tuktuk na boda mara nyingi ni mchana pale abiria wamepungua, umekaa steji, simu iko mkononi, mwenzako anakuonyesha mkeka wake, na tena usiku ukishalipa mwenye gari na kuona kilichobaki ni kidogo ukasema wacha nikiongeze. Andika hayo masaa mawili pembeni, tutarudi hapo.

Sasa nikueleze kwa nini ulikuwa unaona ni kama uko karibu kushinda, juu bila kuelewa hii hata limiti itakusumbua. Chukua gemu moja ya kawaida, nyumbani wamepewa 1.50, sare 4.10, ugenini 6.00. Ukigeuza hizo odi ziwe asilimia, yaani 100 ugawanye kwa kila moja, unapata kama 67, 24 na 17, jumla 108. Asilimia haziwezi pita 100, hiyo nane ya juu ndio faida ya kampuni, imewekwa kabla mpira hata haujapigwa. Kwa hivyo ile timu ya 1.50 ukitoa hiyo faida, nafasi yake ni kama 62 kwa mia. Sasa wewe unaweka nane kama hizo kwa mkeka mmoja. Nafasi ya zote nane kuingia inashuka mpaka kama 2 kwa mia. Lakini nafasi ya saba kuingia na moja tu kukuchomea ni kama 10 au 11 kwa mia, karibu mara tano ya kushinda. Umeelewa? Ile "timu moja tu imenichomea" ambayo inakufanya ujaribu tena sio ishara kwamba unakaribia, ni hesabu ya kawaida, kwa wastani itakutokea karibu mara tano kwa kila mara moja unashinda, na ubongo wako unaihesabu kama nusu ushindi.

Na malipo yake pia angalia. Odi nane za 1.50 ukizizidisha zinakuja kama 25.6. Ukituma 100, tangu Finance Act ya 2025 serikali inachukua asilimia 5 ukidipoziti na asilimia 5 ingine ukitoa, kwa hivyo kinachocheza ni kama 95. Ukipiga wastani wa mikeka mingi sana ya aina hiyo, kila mia inarudi kama hamsini. Gemu moja peke yake, ile singo watu wanadharau, mia inarudi kama 84. Bado ni hasara, lakini ni hasara ndogo na polepole. Kwa hivyo usinipigie simu kuniuliza mkeka gani ni salama, na wale wa Telegramu wanauza "fixed" kwa mia tano, jiulize tu kama wangekuwa na gemu ya uhakika wangehitaji mia tano yako ya nini.

Turudi kwa mama watoto, kwa sababu hapo ndio wanaume wengi wanaharibu zaidi hata ya pale kwa kubeti.

Yeye anajua 18,000. Je, Fuliza anajua ni ngapi? Mkopo wa apu anajua? Kuna rafiki wa steji anakudai? Mwambie yote mara moja, siku moja, ukiwa na ile stetimenti na karatasi ya madeni mkononi. Makosa nayoona kila mara ni mtu kutoa ukweli kwa vipande: leo anasema 18,000, baada ya wiki mbili Fuliza inakata pesa ya unga ndio anakubali iko Fuliza, mwezi ukiisha watu wa apu wanampigia mke simu. Mke anaweza kubeba hasara kubwa, lakini kila kipande kipya kinamrudisha siku ya kwanza, tena anaanza kujiuliza kinachofuata ni nini. Chagua siku watoto hawako karibu na hajatoka sokoni amechoka, sema namba, halafu unyamaze. Usiseme "lakini angalau sikunywa." Na ile nyingine ya "ni stress ya nyumba ilinifanya" iache kabisa, hata kama unaamini ni kweli, juu ukisema hivyo umempatia yeye deni lako alipe.

Akikasirika wacha akasirike. Akilia, akinyamaza siku tatu, akienda kwao Seme ama Bondo wiki moja, hiyo haimaanishi ulikosea kusema.

Baada ya hapo mnahitaji mpango ambao haumfanyi yeye askari. Wanaume wengi wanasema "basi shika simu yangu, shika pesa yote, nichunge," inaonekana ni unyenyekevu lakini ni kumpa kazi nyingine juu ya kazi ya omena, na mwisho mtu anaanza kujificha kwa askari vile alikuwa anajificha kwa mke. Ninachopendelea mimi ni wewe ndio unaonyesha bila kuombwa. Kila Jumapili jioni, dakika kumi na tano, unafungua stetimenti ya hiyo wiki mbele yake, unasema nimepata hivi, mwenye gari alichukua hivi, mafuta hivi, nimelipa deni hivi, mnafunga simu, mnaongea mambo mengine. Sio wakati wa kuombana msamaha upya. Siku zingine zote yeye hana haja ya kupekua, na wewe huna haki ya kumuuliza "kwani bado huniamini?" Hilo swali liondoe kwa mdomo wako mwaka mzima, kila ukiuliza unamlazimisha akupe jibu ambalo hana bado.

Pesa yake ikae mbali na wewe kabisa. Chama, faida ya omena, fees, ziingie laini yake na zilipwe na yeye moja kwa moja shuleni. Hiyo sio adhabu, ni kwamba mtu ambaye hajapata pesa mkononi hawezi kuijaribu.

Madeni sasa. Tuseme ukitoa mafuta na ya mwenye gari unabaki na 20,000 hivi kwa mwezi, na yeye omena inampa kama 12,000, nyumba iko na 32,000. Fuliza uanze nayo kwa sababu mbili: inakula ada kila siku, na kila shilingi inayoingia inakatwa kabla hujaiona, kwa hivyo hata ukiahidi mke mia mbili haitafika. Lipa imalizike, halafu upige *234# ujitoe Fuliza kabisa, haikubali ujitoe ukiwa bado na deni. Usipojitoa, siku ya hamu utakuwa na pesa hata mfuko ukiwa mtupu, na hiyo ndio hatari ya Fuliza kwa mtu anayebeti.

Ya chama ndio inafuata, hata kabla ya kujiwekea akiba. Mia mbili kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi, ni 5,200. Hiyo 18,000 inaisha kwa miezi mitatu na nusu. Itume kwa laini yake kila jioni kabla hujaingia nyumbani, sio mwisho wa mwezi. Najua mtu wa hesabu ataniambia lipa mkopo wa apu kwanza kwa sababu riba yake ni kali, na kwa karatasi ana haki, kwa hivyo apu mpigie waongeze muda ama ulipe kile kiwango cha chini wasianze kupigia watu wako. Lakini mimi kwa miaka nimeona ile meseji ya mia mbili ikiingia kwa simu ya mke kila jioni inafanya kazi ambayo maneno yako hayawezi fanya, hata siku ile umekosa abiria na unatuma themanini badala ya mia mbili, ukamwambia kwa nini.

Katika hizo miezi mitatu ya sifuri, funga milango. Ile orodha ya kampuni umeiona kwa stetimenti, andikia kasitoma kea ya kila moja uwaambie wafunge akaunti yako, uweke skrinshoti ya jibu, na utoe hiyo skrinshoti Jumapili. Toa apu kwa simu, toka kwa magrupu ya tipsi, na zile meseji za "umepewa fribeti" zifungwe, Safaricom ni *456*9*5#. Hiyo haizibi kila tundu, kampuni ni nyingi na kusajili mpya ni dakika mbili, lakini hamu ya kubeti mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya nusu saa hivi, na ukishalazimika kusajili upya umeshapoteza sehemu ya hiyo nusu saa. Yale masaa mawili uliyoandika, mchana na usiku, uyapangie kitu. Mchana usikae steji ile wanabeti, pandisha mpaka Kibuye ama ulale kwa gari simu ikiwa kwa dashibodi. Usiku, ile mia mbili iwe imeshatumwa kabla ya kuhesabu kilichobaki.

Wiki ya kwanza na ya pili utakuwa na hasira ndogo ndogo na usingizi mbaya. Hiyo inapita. Kama haipiti, ama unaanza kuwaza kujidhuru kwa sababu ya deni, hapo usingoje Jumapili: Red Cross wana laini ya bure 1199, na hospitali ya Russia pale, JOOTRH, uulize kliniki ya afya ya akili. Kubeti kulikoshinda mtu ni ugonjwa unaotambuliwa na madaktari, uko kwa kundi moja na ulevi, hautakuwa wa kwanza kuingia hapo na hiyo shida.

Sasa limiti. Umemaliza miezi mitatu, hakuna hata Pay Bill moja, Fuliza imefungwa, ya chama imebaki kidogo ama imeisha, mama watoto amesema sawa. Namba inatoka wapi? Mimi natumia mwongozo uliotolewa Kanada 2021 na watafiti wa mambo ya uraibu: isipite asilimia 1 ya mapato ya nyumba kwa mwezi, isipite siku 4 kwa mwezi, na isiwe aina zaidi ya mbili za mchezo. Wao wenyewe wanasema watu waliowahi kushindwa wanafaa kuwa chini ya hapo ama wasicheze, kwa hivyo hiyo ichukue kama dari. Kwa nyumba ya 32,000, asilimia 1 ni 320. Gawanya kwa Jumamosi nne, ni themanini.

Najua umecheka. Themanini. Lakini fikiria burudani ni nini: unaingia kuangalia gemu pale kwa kibanda unalipa, unanunua soda, unatoka, hukutarajia mwenye kibanda akurudishie na faida. Kama themanini haifanyi gemu iwe tamu, basi haikuwa burudani ulikuwa unatafuta, ulikuwa unatafuta mshahara wa pili, na hapo limiti yoyote nitakupa itapasuka.

Kuna mambo matatu yanayopasua limiti na karibu yote yanaanzia kwa namna ya kuhesabu. La kwanza, hesabu kile umedipoziti, usihesabu hasara. Mtu anasema "limiti ni themanini, lakini nilishinda mia tatu kwa hivyo bado niko juu, wacha nicheze hiyo mia tatu." Hapana. Themanini ikitoka kwa M-Pesa mara moja, wiki imeisha, iwe umeshinda ama umeshindwa. Ushindi wowote unatolewa kwa woleti siku hiyo hiyo na unatajwa Jumapili, na mgawanyo wake mnaamua wawili kabla, mimi ningesema wote uende nyumbani. La pili, wiki ambayo hukucheza haihamishwi. Themanini ya wiki hii na ya ijayo haziungani kuwa 160 ya siku Gor wanacheza na AFC. La tatu, Aviator na zile ligi za kompyuta hazimo kabisa. Gemu ya mpira inachukua dakika 90 kukupa jibu, Aviator inakupa jibu kwa sekunde chache kisha inaanza ingine, themanini yako itaisha kabla soda haijafunguliwa na utabaki na mkono unawasha. Ningependa hata uwe unaweka singo moja ya themanini, akaunti moja tu ya kampuni moja, nyingine zibaki zimefungwa.

Na mkubaliane mapema itakuwaje ukipita, kwa sababu kukubaliana mkiwa mmeshakasirika hakuwezekani. Yangu ni hivi. Ukipita mara moja, hata kama ni kwa ishirini bob, unamwambia ndani ya masaa 24 kabla yeye hajaona, na unarudi sifuri mwezi mmoja. Ukipita mara ya pili ndani ya miezi sita, ama ukipita mara moja ukaficha, limiti imekufa, unarudi sifuri bila tarehe ya mwisho, na akaunti ya mwisho inafungwa. Kitu kinachokuonyesha unaelekea huko hata kabla hujapita ni rahisi kukiona: umeanza kuangalia odi Jumatano, umeanza kukopa mwenzako wa steji "hamsini tu," umeanza kuacha kile kikao cha Jumapili kwa sababu umechoka.

Na ikifika hiyo siku ya limiti, mama watoto aseme hapana, hata themanini hataki kusikia, basi ni hapana. Pesa iliyoliwa ilikuwa yake, na kuna wanawake ambao wakisikia mlio wa meseji Jumamosi mwili unashtuka, themanini ama elfu nane ni moja. Gemu utaangalia bila mkeka. Muulize tena baada ya miezi sita kama bado unaitaka, na usimuulize kabla ya hapo.